Kitabu, katibu, mkataba na maktaba: ndugu wa mzizi mmoja walioingia ngeli nne

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Kisumu aliandika katika insha yake, "Maktaba haya yamefungwa." Nilipozungusha kalamu nyekundu kwenye "haya yamefungwa", aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, si neno linaanza na ma-? Mbona madarasa ni haya?" Hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko alama niliyomkata. Jibu tulilozoea kutoa, kwamba maktaba "iko tu" katika ngeli ya I-ZI, halimsaidii mtoto wala halielezi lolote. Nilimwahidi jibu kamili, na makala hii ndiyo jibu lenyewe, likiwa limerefuka kuliko nilivyotarajia.

Tuanze na mzizi. Kiarabu hujenga maneno yake kwa konsonanti, mara nyingi tatu, kisha maana hubadilika kwa irabu zinazopenyezwa kati yake na viambishi vinavyotangulia. Konsonanti k, t na b hubeba maana ya kuandika. Kutokana nazo Waarabu wana *kitāb*, kilichoandikwa. *Kātib*, mwenye kuandika. *Maktaba*, mahali pa maandiko. Na *mukātaba*, kuandikiana. Kiswahili kiliyachukua yote manne. Kwa Mwarabu undugu wa maneno haya uko wazi kabisa, na herufi ya kwanza ya *kitāb*, ile k, ni sehemu ya mzizi. Huwezi kuing'oa ukabaki na neno.

Sisi tuliing'oa.

Kabla ya kufika huko, tutazame sauti, kwa sababu sauti hutangulia na ngeli hufuata. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, na mwisho wa neno hapo hatuna msamaha: lazima irabu iwepo. *Kitāb* na *kātib* yanaishia na b, kwa hiyo yaliongezewa irabu. Lakini ipi? Sikiliza maneno haya ya Kiarabu: sababu, hesabu, adabu, jawabu, salamu, hukumu. Konsonanti ya mwisho ikiwa hutamkwa kwa midomo, kama b au m, irabu inayoongezwa kwa kawaida ni u, ambayo nayo hutamkwa kwa kuviringa midomo. Konsonanti ya mwisho ikiwa ya ulimi, mara nyingi huja i: safari, hatari, daktari, shati, koti, benki. Midomo ikiwa tayari imefungwa kwa b, inafungukia u bila kazi ya ziada. Ndiyo maana tuna kitabu na katibu, wala si kitabi na katibi.

Jambo la pili ni urefu wa irabu na mkazo. Kiarabu hutofautisha a fupi na a ndefu, na tofauti hiyo inaweza kubadilisha neno. Kiswahili hakikuuchukua urefu huo. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Katika *kātib* ya Kiarabu silabi nzito ni ya kwanza; katika katibu yetu, uzito umehamia kwenye "ti". Neno limekwisha kuvaa sauti za Kiswahili kabla hata hatujaliuliza ni la ngeli gani.

Sasa tazama lililotokea kwa *kitāb*. Likishakuwa ki-ta-bu, silabi yake ya kwanza inalingana sauti kwa sauti na kiambishi cha kikombe, kisu na kiti. Msikilizaji wa Pwani wa zamani zile hakuwa na kamusi ya Kiarabu kichwani. Alisikia ki-, na masikio yake yalikuwa yameshazoea kwamba ki- mwanzoni mwa jina la kitu hugeuka vi- vitu vikiwa vingi. Basi akasema vitabu. Wingi wa Kiarabu ni *kutub*, ambao hupatikana kwa kubadilisha irabu za ndani, na wingi huo haukuvuka bahari.

Unaweza kuniuliza nina ushahidi gani kwamba neno lilikatwa kweli, na kwamba vitabu si mazoea tu ya mdomo. Ushahidi ni kijitabu. Tunapodunisha jina la KI-VI, tunaondoa ki- yake kwanza, tunaweka ji-, halafu tunatanguliza ki- nyingine: kikombe hutoa kijikombe, na kitabu hutoa kijitabu. Kilichobaki mwishoni ni -tabu, shina ambalo halina maana yoyote kwa Mwarabu. Sisi ndio tuliolitengeneza kwa kukata. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine. Upatanisho wa "kitabu hiki" unaweza kuletwa na kufanana kwa sauti peke yake, na wingi pia mtu anaweza kuuiga. Lakini mtu anapotoa ki- ili aweke ji-, amekiri kwamba ki- kwake ni kiambishi.

Mkataba ulipitia mlango mwingine. *Mukātaba* huanza na mu-, na Kiswahili kina m- ya mti na mto, ambayo zamani ilikuwa mu- na bado huonekana hivyo katika lugha nyingi za Kibantu. Basi ukawa mkataba, na wingi mikataba, ngeli ya U-I, ukipatana na mti na miti bila tatizo lolote. Mu- hiyo hiyo ya Kiarabu ilipokuja mwanzoni mwa jina la mtu, ilisomwa kwa namna nyingine. *Mu‘allim* ni mwalimu, walimu, *musāfir* ni msafiri, wasafiri. Katika Kiarabu mu- hujenga jina la mtendaji, katika Kibantu mu- ni alama ya mtu, na lugha hizi mbili hazina nasaba yoyote kati yao. Ni sadfa iliyoangukia mahali pazuri. Maana ndiyo iliyoamua kama m- hiyo iwe ya mti au ya mtu, na hapa ndipo tunapoanza kuona kwamba sauti peke yake haitoshi.

Katibu alikuja bila chochote cha kukata. Ka- katika Kiswahili sanifu si kiambishi hai cha ngeli (katika lugha kadhaa za Kibantu ni cha udogo, na hapo hadithi ingeweza kuwa nyingine). Kwa kuwa hakuna kiambishi cha umoja cha kubadilisha, wingi ulipatikana kwa kuongeza: makatibu. Hiyo ndiyo njia iliyo wazi kwa majina mengi ya watu wenye kazi fulani, kama madaktari, madereva, makondakta, mameneja. Hata hivyo ma- hii haikuwapeleka kwenye LI-YA. Tunasema makatibu wamefika, hatusemi makatibu yamefika. Umbo la jina limefuata njia moja na upatanisho umefuata nyingine, kwa sababu katika upatanisho uhai wa mtu una nguvu kuliko umbo la neno lake.

Tumrudie sasa yule mwanafunzi. Maktaba huanza na ma-. Kama ki- ya kitabu ilikubaliwa kuwa kiambishi, mbona ma- ya maktaba ilikataliwa?

Jibu langu ni hili. Ki- ni alama ya umoja, na kitabu kimoja ni kimoja, kwa hiyo sauti na maana zilikubaliana. Ma- ni alama ya wingi, na maktaba moja ni jengo moja. Anayesikia neno kwa mara ya kwanza, akiwa ameonyeshwa jengo moja lenye rafu, hana sababu ya kuihesabu ma- kuwa wingi. Sauti ilivuta huku, maana ikavuta kule, na maana ikashinda. Neno likaachwa zima, likaingia I-ZI, ngeli inayopokea majina ya kigeni bila kudai yabadilike umbo: maktaba hii, maktaba hizi. Mashine nayo iko vivyo hivyo. Na waziri pia: lina wa- mwanzoni, lakini waziri ni mtu mmoja, hivyo hakuna aliyewahi kutoa "mziri". Wingi wake ni mawaziri, ambapo wa- imebaki kuwa sehemu ya shina.

Pima dai hili kwa kesi ya upande wa pili. Kipande cha gari kinachozuia matope kwa Kiingereza huitwa *mudguard*, jina linaloanza na sauti iliyosikika kama ma-. Mafundi walilisikia: madigadi. Gari huwa na vipande hivyo zaidi ya kimoja, vinazungumzwa kwa pamoja, na ma- ya wingi ikaleta maana. Baadaye mtu alipohitaji kutaja kimoja, alitoa ma- akapata digadi. Virusi navyo ni hivyo. Neno liliingia likiwa na vi- masikioni, na vitu vyenyewe havionekani kimoja kimoja, vinatajwa kwa wingi. Umoja wa kirusi ulichongwa hapa hapa kwetu, na wakati wa korona tuliusikia hata redioni. Mahali ambapo kitu huja kikiwa kingi, kiambishi cha wingi hukubaliwa. Mahali ambapo kitu huja kimoja, hukataliwa. Mwanafunzi akishika hilo, maktaba haitamsumbua tena.

Na madarasa yake? Huko alikuwa sahihi, na mfano wake ni mzuri kuliko alivyojua. Darasa na madrasa ni ndugu pia, wa mzizi d, r, s wenye maana ya kusoma. Darasa lilikuja bila ma-, likaongezewa ma- yetu ya wingi: madarasa haya. Madrasa lilikuja na ma- yake kutoka Arabuni, ile ile ya mahali iliyo katika maktaba, na ni pahali pamoja: madrasa hii. Irabu moja tu ndiyo inayotenganisha madarasa na madrasa kwa sikio, na upatanisho ndio unaokuambia unazungumzia lipi.

Kabla ya kuondoka Pwani kuna neno dogo linalonikataza nisijisifu kwamba nimepata kanuni isiyo na mwanya. Neno hilo ni kilo. Linaanza na ki-, lakini hakuna muuza sukari wa soko la Kibuye hapa Kisumu atakayekupimia "vilo" viwili. Ni kilo mbili. Mtu anaweza kudhani sababu ni ufupi wa neno, kwamba ukiondoa ki- unabaki na silabi moja. Hiyo haiwezi kuwa sababu, maana *qissa* ya Kiarabu ilibadili q yake kuwa k, ikawa kisa, na wingi wake ni visa, bila kujali kwamba shina limebaki -sa. *Kibrīt* nayo ilivunja lile fungu la b na r kwa kupenyeza i, ikawa kibiriti, vibiriti. Naona kilo ilizuiwa na wenzake. Mita, lita, tani, maili, vipimo hivi vyote viko I-ZI na havibadiliki katika wingi, na neno jipya la kipimo hukaa na kundi lake la maana hata kama sauti inaliita kwingine.

Sasa tukitoke Kiswahili tulifuate neno kitabu lilipopanda kutoka Pwani kuja huku kwetu, kwa sababu hapa magharibi ndipo linaposema mengi zaidi.

Jirani yangu ni Mkisii wa Nyamira. Kwake kitabu ni *egetabu*, na vitabu ni *ebitabu*. Ukiangalia haraka utadhani Wakisii wamepotosha k ikawa g. Lakini sikiliza maneno yao wenyewe. Kiti ni *ekerogo*. Kibuyu ni *ekerandi*. Lugha yao ni *Ekegusii*. Hapo kiambishi ni *eke-*, chenye k. Kisha sikiliza haya: kitu ni *egento*, ukoo ni *egesaku*, na kikombe, ambacho nacho kilitoka kwenye Kiswahili, ni *egekombe*. Hapo kiambishi ni *ege-*, chenye g. Kinachoamua ni konsonanti ya shina inayofuata. Ikiwa ni sighuna, yaani ile inayotamkwa bila nyuzi za sauti kutetema, kama t, k au s, basi k ya kiambishi hugeuka ghuna, ikawa g. Vinginevyo k hubaki k. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmishonari Edmund Dahl aliyeona jambo la aina hii katika Kinyamwezi, na Kikuyu kinacho pia: ndiyo maana huko Nakuru kikombe ni *gĩkombe*, na jina Gĩkũyũ lenyewe linaanza na g mbele ya k.

Fikiria basi maana ya *egetabu*. Kama Wakisii wangelichukua neno zima bila kulikata, wangelibandika kiambishi cha ngeli yao inayopokea wageni, kama walivyofanya kwa gari: *egari*, na wingi *chigari*. Hawakufanya hivyo. Walisikia ki-, wakaitambua kuwa ndugu wa kiambishi chao, wakaiondoa, wakaweka chao. Na kiambishi chao kilipokutana na t ya -tabu, kikafuata kanuni ya Kikisii kama kilivyofuata mbele ya -nto na -saku. Shina lile ambalo Waswahili walilichonga kwa bahati lilifika Kisii likapokewa kama shina halali la Kibantu.

Pita upande wa Waluhya. Mluhya wa jamii ya Wanga huko Mumias husema *eshitabu*, na wingi *ebitabu*. Mbukusu wa Bungoma husema *sitabu*, *bitabu*. Wengi hueleza hili kwa kusema kwamba Wabukusu "hugeuza ki kuwa si". Maelezo hayo yana ukweli wa zamani sana, kwa kuwa kiambishi chao kilitokana na ki- ya kale ya Kibantu na kubadilika kwake ni kwa vizazi vingi. Lakini kitabu kimefika juzi tu, mabadiliko hayo yakiwa yamekwisha zamani. Pikipiki nayo imefika juzi, ina ki mbili ndani yake, na hakuna Mbukusu anayeiita "pisipisi". Kwa hiyo hapakuwa na sauti iliyogeuzwa. Palikuwa na kiambishi kilichobadilishwa na kiambishi, kwa watu waliojua lugha zote mbili vya kutosha kuona kwamba ki- ya Waswahili na si- yao zinafanya kazi moja. Ki ya pikipiki haifanyi kazi hiyo, basi wakaiacha ilivyo. Mimi naliona jambo hili kuwa zuri mno: watu ambao pengine hawakuwahi kufundishwa hata siku moja ngeli ni nini waliweza kutenganisha ki na ki, bila kukosea.

Si kila jirani alilipokea neno la Pwani. Mkikuyu wa Nakuru husema *ibuku*, *mabuku*, kutoka Kiingereza. Neno hilo halikuwa na silabi ya mwanzo ya kukata, kwa hiyo liliongezewa: i- mbele, u nyuma, wingi kwa ma-. Na hapa Kisumu Mjaluo husema *buk*, wingi *buge*. Kijaluo si lugha ya Kibantu. Hakina ngeli za viambishi, na konsonanti mwishoni mwa neno haikisumbui, kwa hiyo hapakuhitajika u yoyote. Lakini katika wingi k imegeuka g, kama *got*, mlima, unavyokuwa *gode*, t ikigeuka d. Kila lugha ilimpitisha mgeni yule yule kwenye utaratibu wake wa wingi. Mkikuyu alitazama mwanzo wa neno, Mjaluo akatazama mwisho wake.

Kuna neno moja ambalo ninalisikiliza kwa makini siku hizi, hasa jioni za mechi, na hili si la Kiarabu. Ni klabu. Kamusi zina kilabu pia, ambapo i imepenyezwa kati ya k na l kuvunja fungu, na kwa kupenyezwa huko ki- imezaliwa mahali ambapo katika Kiingereza haikuwepo. Hapo ndipo unapoona sauti ikiitengenezea ngeli njia: bila ile i, hakuna KI-VI. Lakini watangazaji wetu wengi, na mashabiki wa Gor Mahia ninaoketi nao, husema klabu bila i katika umoja, "klabu hii", upatanisho wa I-ZI. Kisha wingi wanasema "vilabu hivi". Umoja uko I-ZI na wingi uko KI-VI, katika kinywa kimoja, wakati mwingine katika sentensi moja. Nilidhani mwanzoni ni kosa, nikawa nalisahihisha. Sasa nalichukulia kuwa neno lililo katikati ya safari: waliofundishwa Kiingereza wamerudisha kl- katika umoja, na wingi umebaki na kumbukumbu ya kilabu.

Kipimo cha kijitabu kinaweza kutumika hapa pia. Siku nitakaposikia mtu akiita timu ndogo ya mtaani "kijilabu", nitajua kwamba -labu imekuwa shina kama -tabu ilivyokuwa. Kufikia sasa ninachosikia Kisumu ni "klabu ndogo", na wingi wake "vilabu vidogo".